Alama sita za glukosi: jinsi ya kupanga jibu la usafirishaji kwenye utando wa seli

Swali ni fupi: "Eleza jinsi glukosi inavyofyonzwa kutoka ndani ya utumbo mwembamba hadi kwenye damu. (Alama 6)." Maswali ya aina hii ni ya A-Level ya bodi ya AQA ya Uingereza. Ndugu yake wa karibu, linalohusu glukosi kurudishwa kwenye damu kutoka kwenye mirija ya figo, limo kwenye mtaala wa Cambridge unaosomwa na baadhi ya shule za Kenya, Tanzania na Uganda. Majibu yenyewe huandikwa kwa Kiingereza, lakini maksi nyingi hupotea kwenye mpangilio kabla hata ya lugha kuingia, na mpangilio ndio tutakaoushughulikia hapa.

Kosa kubwa hutokea kwenye sentensi ya kwanza. Swali linataja glukosi, basi mwanafunzi anaanza na glukosi. Lakini katika safari hii glukosi ni abiria tu. Gari ni ioni za sodiamu, na injini inayolisukuma gari hilo iko upande wa pili wa seli, upande unaopakana na damu. Anayeanza na abiria anajikuta katikati ya safari bila kueleza gari limetoka wapi, na alama mbili za mwanzo zimempita. Jibu lianze pale kazi inapoanzia, yaani kwenye pampu.

Hatua ya 1: Hesabu tando kabla ya kushika kalamu

Soma maneno mawili ya mpaka: "kutoka" wapi "hadi" wapi. Hapa ni kutoka ndani ya utumbo hadi kwenye damu. Katikati pana seli moja ya epithelia, na seli hiyo ina pande mbili: upande wenye mikrovilai unaotazama chakula, na upande wa nyuma unaotazama damu. Kwa hiyo glukosi inavuka utando mara mbili, na inavuka kwa njia mbili tofauti. Jibu linaloeleza kuvuka mara moja tu haliwezi kufika sita, hata likiwa zuri namna gani.

Kama swali lingesema "hadi ndani ya seli za utumbo", kuvuka kwa pili kusingelipwa. Ndiyo maana mpaka wa swali unasomwa kwanza. Mwanafunzi aliyekariri jibu zima hulimwaga lote hata pale lisipohitajika, na kila sentensi ya ziada inampa nafasi ya kujipinga mwenyewe.

Angalia pia kitenzi. "Eleza jinsi" ni ombi la mfuatano wa matukio pamoja na kinachosababisha kila tukio. Halikuulizwa umbo la utumbo, wala maana ya difyusheni.

Hatua ya 2: Chora sanduku pembeni mwa karatasi

Tumia sekunde arobaini hivi. Chora mstatili mmoja, huo ndio seli. Kushoto andika "utumbo", kulia andika "damu". Kisha weka mishale kwa utaratibu huu: mshale wa kwanza unatoka ndani ya seli kwenda kulia, uandike Na⁺ na ATP. Wa pili unatoka kushoto kuingia kwenye seli, uandike Na⁺ na glukosi pamoja. Wa tatu unatoka kwenye seli kwenda kulia, uandike glukosi peke yake.

Mishale mitatu, na kati ya mmoja na mwingine pana neno "kwa hiyo". Mchoro huu hauna alama, na usiutegemee ukujibie. Kazi yake ni kukuzuia usigeuze mwelekeo unapoandika haraka. Kuandika kwamba pampu inaingiza sodiamu ndani ya seli ni kosa la kawaida mno, na likitokea linaangusha kila kinachofuata, kwa sababu mteremko wote unageuka.

Hatua ya 3: Kila sentensi ijibu maswali manne

Mwongozo wa usahihishaji haulipi mada, unalipa tukio kamili. Tukio kamili lina vitu vinne: nini kinachosogea, kutoka wapi kwenda wapi, kupitia nini, na kwa nguvu gani. Sentensi "sodiamu inapita kwenye utando" inajibu moja tu kati ya hayo. Sentensi "ioni za sodiamu zinatolewa kutoka ndani ya seli kwenda kwenye damu na pampu ya sodiamu na potasiamu, kwa usafirishaji hai unaotumia ATP" inajibu yote manne, na ni sentensi moja tu.

Si kila alama inadai vyote vinne. Katika miongozo ya AQA, neno lililopigiwa mstari ni la lazima, lililo kwenye mabano si la lazima, na alama ya mkwaju, yaani /, inaonyesha maneno yanayokubalika kwa kubadilishana. Mwanafunzi hawezi kujua siku ya mtihani ni neno lipi limepigiwa mstari. Akijaza vitu vinne, halazimiki kubahatisha.

Hatua ya 4: Andika mnyororo

Jibu kamili linaweza kuwa hivi. Namba ni za kuonyesha alama zinapoangukia.

(1) Kwenye utando unaopakana na damu, pampu ya sodiamu na potasiamu inatoa ioni za sodiamu kutoka ndani ya seli ya epithelia kwenda kwenye damu, kwa usafirishaji hai unaotumia ATP. (2) Kwa hiyo ukolezi wa ioni za sodiamu ndani ya seli unakuwa mdogo kuliko ukolezi wake ndani ya utumbo. (3) Ioni za sodiamu zinaingia kwenye seli kutoka kwenye utumbo kwa difyusheni saidizi, zikishuka mteremko wao wa ukolezi, kupitia protini ya usafirishaji wa pamoja. (4) Protini hiyohiyo inaingiza glukosi pamoja na ioni hizo, hata pale glukosi inapopanda mteremko wake. (5) Ukolezi wa glukosi ndani ya seli unazidi ule wa damu, kwa hiyo glukosi inatoka kwenda kwenye damu kwa difyusheni saidizi kupitia protini bebaji. (6) Damu inayopita inaichukua glukosi na kuiondoa, hivyo mteremko kati ya seli na damu unaendelea kuwepo.

Tazama sentensi ya pili. Hakuna kinachosogea ndani yake. Inasema tu matokeo ya ile ya kwanza, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mwanafunzi anaona ni jambo la wazi: ukitoa sodiamu, lazima ipungue. Msahihishaji naye anajua hivyo, lakini hawezi kulipa kilichobaki kichwani mwa mtahiniwa. Sentensi hiyo ndiyo sababu ya sodiamu kuingia upande wa pili, na bila sababu hiyo swali la "eleza" halijajibiwa. Baada ya kila tukio la usafirishaji hai, andika ukolezi umebadilikaje na wapi.

Sentensi ya nne nayo ina mtego. Vitabu vya fiziolojia huita uingiaji huu wa glukosi usafirishaji hai wa daraja la pili, kwa kuwa nguvu yake imetoka kwenye ATP iliyotumika mbali, kwenye pampu. Ukiandika tu "glukosi inaingia kwa usafirishaji hai", msahihishaji hawezi kujua kama unaelewa hivyo au unadhani protini ile inatumia ATP yenyewe. Salama ni kusema kinachotokea: inaingia pamoja na ioni za sodiamu, na nguvu inatoka kwenye mteremko wa sodiamu.

Kuna takwimu unazoweza kuongeza kama una uhakika nazo. Kwa kila ATP moja, pampu inatoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza ioni 2 za potasiamu. Protini ya pamoja kwenye utumbo inabeba ioni 2 za sodiamu kwa molekuli 1 ya glukosi. Kwa kawaida swali la namna hii halizidai, na ukizigeuza unaweza kuharibu sentensi iliyokuwa salama. Ukiwa na shaka, ziache.

Jibu la alama moja, na linavyookolewa

Hili hapa jibu la mfano la mwanafunzi aliyesoma lakini hakupanga:

"Baada ya kula glukosi ni nyingi kwenye utumbo kwa hiyo inaingia kwenye seli kwa difyusheni. Difyusheni ni mwendo wa chembe kutoka penye ukolezi mkubwa kwenda penye ukolezi mdogo. Glukosi iliyobaki inaingizwa pamoja na sodiamu kwa kutumia nishati. Utumbo una vilai nyingi zinazoongeza eneo. Kisha glukosi inaingia kwenye damu na kusambazwa mwilini."

Sentensi ya kwanza inapoteza kwa neno moja. Glukosi ni molekuli kubwa yenye ncha za umeme, haipenyi katikati ya mikia ya fosfolipidi, kwa hiyo haivuki kwa difyusheni ya kawaida. Neno "saidizi" na jina la protini vingeiokoa, ingawa bado si kiini cha swali. Sentensi ya pili ni maana ya neno, na hakuna aliyeiuliza. Ya tatu ndiyo yenye alama moja, ile ya kubebwa pamoja na sodiamu, tena kwa msahihishaji mkarimu. Ingepata zaidi, lakini "nishati" haijasemwa kuwa ni ATP, haijasemwa inatumika wapi, na sodiamu haijapewa mwelekeo wala sababu. Vilai ni kweli, ila swali limeuliza "jinsi inavyofyonzwa" kupita kwenye seli, si utumbo umeumbwaje ili ufyonze vizuri. Ya mwisho inataja damu bila kusema glukosi imetokaje kwenye seli.

Kulitengeneza hakuhitaji kuandika zaidi. Futa sentensi ya kwanza, ya pili na ya nne, umepata nafasi ya pampu, ya ukolezi wa ioni za sodiamu, na ya ioni hizo kushuka mteremko wao kupitia protini ya pamoja. Kwenye ya tatu ondoa "iliyobaki" na "kwa kutumia nishati". Kwenye ya mwisho ongeza maneno "kwa difyusheni saidizi kupitia protini bebaji". Urefu unabaki uleule, na alama zinatoka moja hadi tano. Ya sita inakuja ukiandika kwamba damu inapita na kuiondoa glukosi.

Maneno yanayokula alama

Andika "ioni za sodiamu", usiandike "sodiamu" tupu. Sodiamu ni metali inayowaka ikiguswa na maji, na kuna miongozo isiyosamehe hilo. Andika "ATP" pale unapotaka kuandika "nishati". Na usiseme kitu kinasafiri "kupitia mteremko" au "katika mteremko", kwa sababu msahihishaji hajui kama unamaanisha kinashuka au kinapanda. Sema kinashuka mteremko, au taja pande zote mbili: kutoka penye ukolezi mkubwa kwenda penye mdogo.

Maji yana kanuni yake. Swali likigusa osmosisi, jibu la A-Level litumie potensheli ya maji, si "ukolezi wa maji". Maji yanatoka penye potensheli kubwa zaidi, isiyo hasi sana, kwenda penye potensheli hasi zaidi. Wanafunzi wengi husema "potensheli kubwa" wakimaanisha namba kubwa hasi, na hapo jibu linageuka.

Hatari nyingine ni kusema jambo sahihi na baadaye kulipinga. Ukiandika kwenye mstari wa tatu kwamba glukosi inatoka kwa difyusheni saidizi, halafu mstari wa sita ukasema inatoka kwa usafirishaji hai, alama uliyokwisha kuipata inaweza kufutwa. Kwa hiyo, ukimaliza mnyororo, kalamu chini. Muda wenyewe ni mdogo: karatasi ya kwanza na ya pili za AQA zina alama 91 kwa saa 2, ambayo ni dakika moja na sekunde kama ishirini kwa alama, au takribani dakika 8 kwa swali hili. Karatasi ya nne ya Cambridge ina alama 100 kwa saa 2, kwa hiyo ni kama dakika 7. Jibu la mfano hapo juu halifiki maneno mia moja na hamsini, na linaandikika ndani ya muda huo pamoja na mchoro.

Hatua ya 5: Swali likigeuzwa, geuza mnyororo

Watunzi hawapendi kuuliza swali lilelile mara mbili. Wanaloweza kufanya ni kuvunja kiungo kimoja na kukuuliza matokeo. Mfano: "Seli za utumbo zilipowekwa kwenye sianidi, ufyonzwaji wa glukosi ulipungua sana. Eleza." Hapa unaanza pale kilipovunjika na kusogea mbele kiungo kwa kiungo. Sianidi inazuia upumuaji wa kutumia oksijeni ndani ya mitokondria, kwa hiyo ATP inayotengenezwa ni kidogo mno. Pampu inakosa ATP, haitoi ioni za sodiamu. Ioni hizo zinarundikana ndani ya seli, na mteremko kati ya utumbo na seli unapotea. Ioni za sodiamu hazishuki tena kupitia protini ya pamoja, na glukosi haiingii nazo. Aliyeelewa kwamba glukosi ni abiria hapati taabu. Aliyekariri kwamba "glukosi hutumia ATP" ataruka kutoka sianidi hadi glukosi kwa sentensi mbili na kupata mbili.

Swali lingine linatoka hospitalini. Sumu ya kipindupindu inazifanya seli za utumbo zitoe ioni za kloridi kwa wingi, maji yanazifuata, na mgonjwa anaharisha. Maji ya ORS yanamsaidia kwa sababu protini ya pamoja ya sodiamu na glukosi inaendelea kufanya kazi. Pakiti ya fomula iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida na gramu 13.5 za glukosi kwa lita 1 ya maji, pamoja na potasiamu na sitreti. Ukipiga hesabu, sodiamu yote na glukosi vinatoka sawa kwa sawa, milimoli 75 kila kimoja. Swali likiwa "Eleza kwa nini maji haya yana chumvi na glukosi pia", mnyororo ni uleule hadi sentensi ya nne, kisha unaongeza: kuingia kwa ioni na glukosi kunashusha potensheli ya maji ndani ya seli, na maji yanaingia kwa osmosisi kutoka ndani ya utumbo. Anayesahau hatua hiyo ya mwisho anaeleza vizuri sana jinsi mgonjwa alivyopata sukari, wakati swali lilikuwa la maji.

Hapo pia unaweza kuulizwa kwa nini kuzidisha sukari kunadhuru. Protini za pamoja zina idadi yake. Zikijaa, glukosi inayobaki ndani ya utumbo inashusha potensheli ya maji ya upande huo, na maji yanavutwa kutoka kwenye seli kurudi utumboni. Kuharisha kunaongezeka.

Kwa swali la figo, badilisha majina tu. "Ndani ya utumbo" inakuwa ndani ya mrija wa kwanza uliojipinda wa nefroni, seli ni za ukuta wa mrija huo, na damu ni ya kapilari zinazouzunguka. Pampu bado iko upande wa damu, na jibu bado linaanzia hapo.

Pale ambapo mnyororo hautoshi

Kuna swali la alama 6 lisilosahihishwa kwa pointi moja moja. Kwenye GCSE ya AQA, mtihani wa ngazi iliyo chini ya A-Level, swali refu la "Linganisha difyusheni, osmosisi na usafirishaji hai" husahihishwa kwa viwango: alama 1 na 2, kisha 3 na 4, kisha 5 na 6. Msahihishaji anasoma jibu zima kwanza, analiweka kwenye kiwango, ndipo anaamua alama ya juu au ya chini ya kiwango hicho. Ukweli kumi uliotawanyika unaweza kuishia kiwango cha kati kwa kuwa haujaunganishwa.

Hapo usiandike aya ya difyusheni, aya ya osmosisi, na aya ya usafirishaji hai, ukamwachia msahihishaji kazi ya kulinganisha. Panga kwa kigezo, na kila sentensi ibebe pande zote: difyusheni na osmosisi hazihitaji nishati kutoka kwenye upumuaji, ilhali usafirishaji hai unaihitaji, difyusheni na osmosisi hushuka mteremko, ilhali usafirishaji hai huupanda, difyusheni huhamisha chembe zilizoyeyuka au gesi, osmosisi huhamisha maji peke yake, na usafirishaji hai huhamisha ioni na molekuli kama glukosi. Kisha mfano mmoja kwa kila njia, wenye mahali pake: oksijeni kutoka kwenye vifuko vya mapafu kwenda kwenye damu, maji kutoka kwenye udongo kwenda kwenye kinyweleo cha mzizi, na ioni za nitreti kutoka kwenye udongo wenye nitreti chache kwenda kwenye kinyweleo hichohicho. Mifano miwili ya mwisho ukiiweka jirani inafanya kazi zaidi ya moja: mzizi uleule, udongo uleule, maji yanashuka na nitreti zinapanda.